Waliohesabiwa Mtoni

Kila bajeti inaposomwa Dodoma, kati ya Aprili na Juni, hakosi mbunge wa kusimama kuomba kivuko cha waenda kwa miguu jimboni kwake. Mwaka huu kijana mmoja, mchumi katika halmashauri ya mji ambayo sitaitaja, alinitumia andiko la mradi wa kivuko cha namna hiyo akitaka nilipitie kabla halijafika kwenye kamati ya fedha. Lilikuwa safi kupita kiasi. Gharama upande mmoja, faida upande wa pili, na chini kabisa tarakimu moja nene iliyokolezwa wino. Nililisoma nikajikuta nimerudi kwenye halmashauri nyingine, miaka ya kabla ya TARURA kuanzishwa mwaka 2017, wakati barabara na madaraja ya mjini yalikuwa bado mzigo wa halmashauri zenyewe.

Mto wetu ulikuwa na upana wa mita 60 pale watu walipouvukia. Kiangazi ulipungua hadi magotini, watu wakakunja suruali na kuvuka. Masika na vuli ulijaa, na hapo palikuwa na njia mbili tu: kupanda mtumbwi, au kuzunguka kwa bodaboda hadi daraja la magari. Mhandisi alikuwa amekadiria daraja la kamba za chuma lenye sakafu ya mbao kwa shilingi milioni 300, pamoja na milioni 5 za matunzo kila mwaka, na akasema litadumu miaka 30. Tarakimu hizi, na nyingine zitakazofuata, nimezikata ziwe za mviringo ili msomaji azishike bila karatasi.

Andiko la kwanza liliandikwa na mtaalamu elekezi. Alikuja Aprili, siku ya gulio, akakaa chini ya mwembe ng'ambo ya soko akahesabu wavukaji 400. Akazidisha kwa siku 365. Kwa kila mtu akaweka muda aliookoa na nauli ambayo asingelipa tena, na jumla ikawa karibu milioni 200 kwa mwaka. Juu ya hapo akaongeza kupanda kwa bei ya viwanja vya ng'ambo. Kwa hesabu hiyo daraja lingerudisha fedha zake chini ya miaka miwili. Mkurugenzi alifurahi mno. Mweka hazina, mtu mkimya aliyekulia kijiji cha jirani na mto ule, aliuliza swali moja tu: "Na Agosti?"

Sikumbuki swali jingine lililonifunza kazi yangu kwa haraka namna ile. Agosti watu huvuka kwa miguu yao. Daraja likiwepo wataokoa dakika chache na usumbufu wa kuvua viatu, basi. Mchanganuo wa gharama na faida haulinganishi daraja na utupu, unalinganisha mji wenye daraja na mji uleule usio nalo, ukiendelea na maisha yake kama kawaida. Kwa hiyo tulirudi mtoni na daftari, siku za gulio na siku za kawaida, masika na kiangazi. Siku mbili za gulio kwa wiki zilikuwa na watu 400 kila moja, na siku tano nyingine 200. Wastani ukawa kama 260 kwa siku. Na siku ambazo mto haukuvukika kwa miguu zilikuwa 150 hivi kwa mwaka. Faida ndogo ya kiangazi tuliiacha pembeni makusudi, ili hesabu ikikosea ikosee kwa upande wa uangalifu.

Bei ya viwanja nayo tuliifuta. Kiwanja cha ng'ambo kingepanda bei kwa sababu anayekaa pale angefika sokoni upesi, na wepesi huohuo tulikwisha kuuhesabu kwenye muda wa wavukaji. Kuuhesabu tena kwenye kiwanja ni kumuuzia mtu mbuzi, kisha kumtoza bei ya ngozi yake.

Sehemu iliyotuchukua muda mrefu ilikuwa ya wavushaji. Walikuwa wanne, kila mmoja na mtumbwi wake, wakitoza shilingi 500 kwa kichwa. Mto ukifura walipandisha. Mtaalamu elekezi alikuwa ameandika nauli yote hiyo kuwa faida ya daraja, na kwa abiria ni kweli: mama wa mchicha angebaki na shilingi 500 yake mfukoni. Lakini shilingi hiyo haikutoka hewani. Siku daraja linapofunguliwa, mama anapata 500 na mvushaji anakosa 500. Ukimtazama mama peke yake unaona faida. Ukiwatazama wote wawili, fedha imehama mfuko tu, na mji kwa jumla haujatajirika kwa senti.

Kinachookolewa kweli ni nguvu na mbao: siku za kazi za watu wanne ambao sasa wangeweza kufanya jambo jingine, na mitumbwi isiyohitaji kuzibwa wala kuchongwa upya. Kibarua cha siku wakati ule kilikuwa shilingi 8,000. Watu wanne kwa siku 150 ni milioni 4.8, na mitumbwi tukaikadiria milioni 1.2. Jumla milioni 6. Nauli ambayo ingeandikwa kwa watu 200 wanaopanda mtumbwi kila siku ya mvua ni milioni 15. Hizo milioni 9 za tofauti zilikuwa kipato halisi cha wanaume wanne wenye familia, na zilikuwa zimeingizwa kwenye andiko kana kwamba ni mali iliyochimbwa ardhini.

Niliwaendea. Mkubwa wao alinisikiliza akiwa anatoa maji mtumbwini kwa kopo la rangi, kisha akasema, "Mwanangu, sisi hatukatai daraja. Tunauliza tu kama kwenye karatasi yenu tumo." Nilimjibu kwamba wamo. Sikumwambia wamo upande gani.

Wachumi wana kanuni iliyotolewa na Nicholas Kaldor na John Hicks mwaka 1939. Mradi unafaa iwapo wanaofaidika wangeweza kuwafidia wanaoumia na bado wakabaki na ziada. Neno zito hapo ni wangeweza. Kanuni haidai kwamba fidia ilipwe. Kwenye jedwali mvushaji anayepoteza riziki na mfanyabiashara anayepata njia ya mkato wanakutana, wanafutana, na jedwali linabaki safi. Nimeona madiwani wengi wakidhani kwamba jumla ikiwa chanya basi hakuna aliyeumia, na wataalamu wachache sana wakijisumbua kuwasahihisha. Tangu siku ile nimekuwa nikidai ukurasa wa pili kwenye kila andiko, wenye majina ya makundi na kiasi ambacho kila kundi linapata au kukosa. Jumla huja mwisho.

Basi tukapiga hesabu upya. Waliopanda mtumbwi walikuwa 200 kwa siku, kila mmoja akiokoa dakika 20 za kusubiri na kuvuka. Saa moja tuliithamini shilingi 1,000, yaani kibarua cha siku kikigawanywa kwa saa nane. Hiyo ikawa milioni 10 kwa mwaka. Wavushaji na mitumbwi, milioni 6. Waliozunguka kwa bodaboda walikuwa 60, wakipoteza saa nzima na kulipa shilingi 2,000, ambazo kati yake 1,500 hivi zilikuwa mafuta, uchakavu na muda wa dereva ambaye angeweza kubeba abiria mwingine. Kwa hiyo kila safari ilikuwa na thamani ya 2,500, na kwa mwaka milioni 22.5. Jumla yote: milioni 38.5.

Sasa upande wa pili. Milioni 300 za leo si sawa na milioni 300 zinazorudi kidogokidogo kwa miaka 30, kwa hiyo faida ya mbele hupunguzwa thamani kwa kiwango fulani kila mwaka. Tulitumia asilimia 12, ambayo benki za maendeleo zilikuwa zimeitumia kwa miaka mingi katika nchi kama zetu. Kwa kiwango hicho daraja lilihitaji kuzaa kama milioni 42 kila mwaka, matunzo yakiwemo, ili lijilipe. Tulikuwa tumepungukiwa karibu milioni 4. Kutoka milioni 200 zenye kicheko hadi upungufu, na mto ni uleule.

Baraza la madiwani lilipokaa, diwani mmoja alisimama kwa hasira. Mwaka uliotangulia mtumbwi ulikuwa umepinduka katani kwake. "Mheshimiwa Mwenyekiti, mtaalamu atuambie roho ya mtoto ameiandika shilingi ngapi." Ukumbi ulinyamaza. Nilijibu kwamba sikuandika chochote, na kwamba sikusudii. Lakini nikaomba ruhusa ya kuligeuza swali. Hesabu imepungukiwa milioni 4 kwa mwaka. Iwapo daraja lingezuia kifo kimoja tu kila baada ya miaka mitano, basi baraza lingekuwa linatoa shilingi milioni 20 kwa roho moja. Je, waheshimiwa, mko tayari kutoa? Hakuna aliyekuwa hayuko tayari. Hii ndiyo njia pekee ninayoijua ya kuzungumzia uhai kwenye mchanganuo bila kuubandika bei mbele ya watu waliotoka kuzika. Unapiga hesabu ya kila kitu kingine, kisha unawaonyesha wenye dhamana pengo lililobaki na kuwaachia wao waamue kama wanalifunika. Wataalamu wanaoficha bei ya uhai ndani ya fomula wamekwisha kuamua kwa niaba ya baraza, na baraza halijui.

Hata hivyo, hoja iliyobadilisha hesabu haikutoka ukumbini. Ilitoka kwa bibi mmoja wa ng'ambo tuliyemkuta akianika muhogo. Tulimuuliza anavuka mara ngapi kwa wiki. Akacheka. "Mimi masika sivuki kabisa, baba. Ninyi mnahesabu wanaovuka. Aliyeshindwa nani anamhesabu?"

Mtu anayekaa chini ya mwembe na daftari hamwoni anayebaki nyumbani. Tulipita kaya kwa kaya upande ule, na hapa pana jambo dogo la ufundi ambalo andiko la yule kijana lilikuwa limelikosa. Ukimuuliza mtu kama angependa daraja, atasema ndiyo, na atakuambia angevuka mara kumi kwa siku. Sisi tuliuliza masika iliyopita ni safari gani iliyoahirishwa, ya nani, na kwa nini. Majibu yakawa na mwili: kliniki ya mtoto iliyorukwa, mwanafunzi wa sekondari aliyekaa nyumbani mto ulipofura, nyanya zilizoozea tengani. Tukakadiria safari 80 kwa siku ambazo zingefanyika daraja likiwepo.

Lakini huwezi kumwandikia mvukaji mpya faida sawa na mvukaji wa zamani. Aliyekuwa akipanda mtumbwi alikuwa akigharimika kama shilingi 830, yaani 500 za nauli na dakika 20 za muda wake. Alikubali kugharimika, kwa hiyo likija daraja la bure anaokoa zote. Aliyekuwa akibaki nyumbani alikataa gharama hiyo. Baadhi yao walikataa kwa tofauti ya shilingi kumi tu, wengine wasingevuka hata kwa 100. Ukiwachanganya, wastani wa faida yao ni kama nusu, shilingi 415 hivi. Safari 80 kwa siku 150 zikatupa milioni 5. Jumla ikapanda hadi milioni 43.5, na daraja likavuka mstari kwa unywele. Waliolivusha ni wale ambao hakuna aliyewaona mtoni.

Miaka baadaye nilisoma utafiti wa Wyatt Brooks na Kevin Donovan uliochapishwa mwaka 2020, kuhusu madaraja ya waenda kwa miguu katika vijiji vya Nikaragua. Kijiji kisicho na daraja kilipoteza asilimia 18 ya kipato chake cha ajira mafuriko yalipokuja, na daraja lilifuta hasara hiyo. Kilichonishtua ni kwamba wakulima wenye daraja walinunua pembejeo zaidi na faida ya mashamba yao ikapanda kwa asilimia 75, hata wakati ambapo mto haukujaa. Aliye na uhakika wa kufika kwenye kibarua mto ukifurika hana haja ya kulalia akiba yake yote kwa kuogopa siku hiyo, kwa hiyo anathubutu kuitia shambani. Daftari letu la mtoni lisingeweza kamwe kukamata jambo hilo, hata tungehesabu mwaka mzima.

Kulikuwa na ugomvi mwingine. Ng'ambo ya mto ilikuwa ardhi ya halmashauri ya wilaya, si yetu. Madiwani watatu walitaka wakazi wa kule waondolewe kwenye hesabu, maana hawalipi ushuru kwetu. Ningekubali, zaidi ya nusu ya faida ingefutika na mradi ungekufa siku ileile. Sheria ya Marekani ya kudhibiti mafuriko ya mwaka 1936, iliyoufanya mchanganuo wa aina hii kuwa sharti la serikali, ilisema faida ihesabiwe kwa yeyote itakayemfikia. Niliitaja ukumbini na haikumgusa mtu. Kilichowagusa ni pale mweka hazina alipopendekeza kwamba kama faida ni ya pande mbili, basi gharama nayo iwe hivyo. Barua ikaandikwa wilayani. Wakakubali kuchangia theluthi moja, baada ya mabishano niliyoambiwa yalikuwa makali kuliko yetu.

Diwani mmoja akaja na wazo la kutoza shilingi 200 darajani ili mapato ya ndani yapande. Wengi walipiga makofi. Mhandisi wa Kifaransa Jules Dupuit alikwisha kulijibu wazo hilo mwaka 1844. Daraja likishajengwa, mtu mmoja zaidi anayelipita haligharimu kitu, na kila anayerudishwa na tozo ni faida iliyotupwa. Kwa upande wetu wangerudi nyumbani kwanza walewale wa safari 80, ambao ndio waliokuwa wameubeba mradi. Halmashauri ingekusanya fedha na daraja lingepoteza sababu ya kujengwa. Wazo lilishindwa kwa kura chache mno.

Kuhusu asilimia 12, sitakaa sana. Uingereza hutumia asilimia 3.5 kwa miradi yake ya umma tangu mwaka 2003. Kwa kiwango chao daraja letu lingeonekana na ziada ya zaidi ya milioni 400, badala ya milioni 10 tulizopata sisi. Tofauti yote iko katika uzito unaompa mtu atakayevuka miaka 25 ijayo. Niliwawekea madiwani hesabu zote mbili ukurasa mmoja, na nadhani ndio ukurasa waliousoma kwa makini kuliko yote.

Daraja lilijengwa. Wavushaji wawili walihamia uvuvi, mmoja alinunua bodaboda, na yule mkubwa aliajiriwa kuwa mlinzi wa daraja kwa mshahara wa kibarua, kwa sababu mweka hazina alisisitiza kifungu hicho kiingie kwenye milioni 5 za matunzo.

Na milioni 5 hizo ndizo zilizonikosesha usingizi kuliko ujenzi wenyewe. Hesabu yetu yote ilisimama juu ya miaka 30. Sakafu ya mbao isipopakwa dawa na kubadilishwa, na nati za kamba zisipokazwa, daraja la namna ile halifiki huko. Lingefungwa baada ya miaka 10, faida yote iliyokusanywa kwa kiwango chetu ingekuwa na thamani ya leo ya kama milioni 246 dhidi ya gharama ya milioni 300. Hasara ya zaidi ya milioni 50, kwa kukosa milioni 5 kwa mwaka. Nililiandika hilo kwenye andiko kwa wino mwekundu.

Bajeti ya pili baada ya ufunguzi, kifungu cha matunzo kilikatwa hadi milioni 1. Niliuliza fedha zimekwenda wapi, nikaambiwa daraja bado jipya. Yule mzee mvushaji ndiye aliyelimaliza jambo hilo. Alibandua ubao uliooza, akaupakia kwenye bodaboda ya mwenzake, akauleta hadi ofisi ya mkurugenzi na kuuweka juu ya meza, juu ya makabrasha ya bajeti ya mwaka uliofuata. Kifungu kilirudishwa wiki ileile, milioni 4. Milioni moja bado wanadaiwa.